Kabla Hujamtoa Baba Mdogo Kwenye Picha

Neema mwanangu,

Mama yako ameshakueleza habari za kufunga begi, za kutokula chakula cha njiani, na za kumpigia simu kila basi likisimama. Ameeleza mara mbili, na ya pili kwa sauti ambayo sasa nusu ya Igogo iko tayari kusafiri kwenda Bukoba. Kwa hiyo hayo nayaruka. Umetoka kwenda mjini kuaga wenzako, na mimi nimekaa kibandani kwangu katikati ya vioo na mbao za fremu, nimeweka karatasi juu ya kipande cha hadibodi, nakuandikia. Kesho alfajiri sitaweza kusema haya. Alfajiri mimi huwa mtu wa kubeba mizigo tu.

Nataka kujibu swali lako la Jumanne. Najua nilichelewa. Ulikuwa umekaa kwenye ndoo uliyoigeuza, mama yako anachambua dagaa, ukasema bila hata kuvuta pumzi, “Baba, ile picha ya Krismasi ya Nansio naenda nayo chuoni. Sasa baba mdogo nimwache au nimtoe?”

Mama yako hakuinua kichwa. “Mtoe.”

“Na wakiniuliza?”

“Watakuulizaje habari za mtu ambaye hayupo?”

Ukatushikia simu mbele ya macho. Ukampaka baba yako mdogo kidole kama mtu anayefuta vumbi, ukasubiri kidogo, na mdogo wangu Fabiani akaondoka duniani. “Ona,” ukasema, “hata dakika haijaisha.” Mimi nikasema naenda kununua mkaa. Gunia la mkaa lilikuwa limejaa, limesimama mlangoni, na wote mliliona. Nawashukuru kwa kunyamaza.

Sikukimbia swali, nilikimbia ule wepesi wake. Mimi kazi hiyo hiyo ilinichukua siku nzima, na matokeo yake nayabeba mwaka wa saba sasa. Unakwenda kuishi miaka mitatu kwenye mji anaoishi yeye. Ni haki yako kujua unayemfuta ni nani, na aliyemfuta kwanza ni nani.

Picha unaijua, ila ngoja niipitie kama fundi. Ulikuwa na miaka kumi. Bibi yako ameketi katikati kwenye kiti cha mbao. Kulia kwake, kwenye kigoda, Fabiani. Nyuma tumesimama mama yako, mimi katikati, na shangazi yako Veronika. Wewe umekaa chini, mbele, umeegemea miguu ya Fabiani kama mtu aliyenunua sofa. Mkono wa bibi uko juu ya mkono wake. Mpiga picha alikuwa mtu wa kupita, anazunguka na kamera siku za sikukuu. Alitusafishia nakala tatu, moja kwa kila mtoto wa bibi, akaenda zake. Faili lenyewe sijui liko wapi. Ndiyo picha ya mwisho ya bibi akiwa na watoto wake wote, ingawa siku ile hakuna aliyejua. Tulikuwa tunabishana kama wali umeiva.

Miaka miwili baadaye bibi aliugua. Mimi nilikuwa huku Mwanza, Fabiani alikuwa bado Nansio, ng’ambo ya ziwa, anaishi naye. Kila nikipiga simu ananiambia, “Mama yupo, anaendelea hivyo hivyo.” Nikisema nakuja kumchukua avuke aje hospitali kubwa, anasema, “Subiri kidogo, kaka, amepata nafuu.” Siku niliyovuka bila kumwambia mtu, nilimkuta mama hanitambui. Alikufa kesho yake.

Nilimwambia Fabiani maneno uani, mbele ya watu wa jumuiya waliokuja kusali. Sitayaandika. Na yeye alimjibu mama yako, aliyekuwa anajaribu kunivuta mkono, maneno ambayo mama yako anayakumbuka neno kwa neno, na ndiyo maana anachambua dagaa bila kuinua kichwa. Usimlaumu. Mimi niligombana na ndugu yangu. Yeye alitukanwa akiamua ugomvi.

Basi, mazishi yalitaka picha. Unajua kwetu marehemu hawekwi bila picha kichwani, kubwa, kwenye fremu, na nyingine kwenye karatasi ya wasifu. Na fundi fremu kwenye ukoo ni nani? Nikavuka kurudi Mwanza kununua sanda na kutengeneza picha, nikiwa na hasira ambayo hata maji ya ziwa hayakuipoza. Bibi alikuwa na picha ya kitambulisho, ambayo amekunja uso. Kulikuwa na picha yake akitoka kanisani, nzuri tu, peke yake. Ningeweza kuchukua hiyo. Niliiona, nikairudisha kwenye bahasha. Hapo ndipo pa kunishika, Neema. Sikuwa na shida ya picha. Nilikuwa na shida ya mtu.

Nikaenda studio kwa Jeni, yule dada wa Nyamagana ambaye bado ananiletea kazi. Nikampa nakala yangu ya Krismasi, akaiskani, akaikuza kwenye kompyuta. Nikamwonyesha Fabiani kwa kidole.

“Huyu atoke.”

Jeni akasogelea kioo cha kompyuta. “Baba Neema, huyu hayuko pembeni. Angekuwa pembeni ningekata tu, ukabaki na picha fupi lakini ya kweli. Huyu yuko katikati.”

“Si ndiyo nimekuletea wewe?”

“Nikimtoa, inabaki tundu. Tundu inabidi nilizibe. Kuliziba inabidi nichukue vipande vya ukuta vya huku nipachike kule. Ukuta sawa, ukuta haulalamiki. Sasa mkono wa mama yako je? Umelalia mkono wake. Nikiutoa wa chini, wa juu unaning’inia.”

“Utajua mwenyewe.”

“Na mtoto? Ameegemea miguu. Nikitoa miguu ataegemea hewa.”

“Watoto huegemea chochote.”

Akanitazama vile ambavyo wanawake wa studio wanatazama wateja walioachwa. Akafanya. Nilikaa nyuma yake nikiangalia, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujifunza kazi za watu kwa kuchungulia, niliona kila kitu. Alimzunguka Fabiani taratibu kwa mstari, kichwa, sikio, bega, kama mtu anayemenya ndizi bila kuivunja. Akamfuta. Akanakili ukuta, kipande baada ya kipande, akahakikisha ufa wa ukuta unaendelea mahali ulipokatikia. Ilipofika kwenye mkono wa bibi alishindwa, ndipo akatafuta kwenye kompyuta yake chombo cha maua ya plastiki, akakisimamisha pale juu ya kigoda, na bibi yako akawa ameshika maua. Kivuli cha Fabiani kilikuwa kimelala chini kwenye mchanga. Jeni akauliza, “Na hiki?” Nikasema imetosha, kiache, nachelewa kivuko.

Kwa hiyo mama yangu alizikwa na picha ambayo ameshika maua ambayo hakuwahi kuyamiliki, pembeni ya kivuli kisicho na mwenyewe.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, sijui unakumbuka kiasi gani. Watu wa Nansio si vipofu. Yule bibi jirani wa kisimani aliisogelea fremu, akaipapasa kioo, akasema kwa sauti ya kanisani, “Maua haya yaliota lini hapa?” Watu wakainamisha nyuso. Fabiani alikuwa amebeba jeneza upande wa mbele. Aliiona picha. Alimzika mama yake, akarusha udongo wake, akanawa mikono, akapita nyuma ya nyumba, na baada ya arobaini akahamia Bukoba kwa wakwe zake. Maneno ya uani nadhani tungeyamaliza. Watu hutukanana kwenye misiba, ni kama sehemu ya ratiba. Ile picha ndiyo hatukuimaliza. Maneno yalitoka kwenye hasira. Picha nilikaa nikaisubiri, nikaiwekea kioo, nikaipigilia misumari kumi na miwili nyuma.

Na bado sikutosheka. Niliporudi kibandani nilitoa ile nakala yangu ya karatasi, ile ya mpiga picha, ile ya kweli, nikaiweka juu ya meza hii hii, nikachukua wembe wa kukatia karatasi za fremu, nikamkata. Kwa kuwa vidole vya bibi vilikuwa juu ya mkono wa Fabiani, vilitoka naye. Nikawa nimeshika kipande kidogo chenye mdogo wangu na vidole vinne vya mama yangu.

Hadi leo asubuhi sikuwahi kumwambia mtu hilo. Hata mama yako hajui. Sasa unajua wewe, na unajua kwa nini nyumbani kwetu picha ya Nansio haipo ukutani, na kwa nini uliyonayo kwenye simu ulilazimika kuipiga kutoka ukutani kwa shangazi yako. Veronika nilimtaka anipe yake niitengeneze “ifanane na nyingine”. Alinijibu, “Kaka, huu ukuta ni wangu. Ukitaka kumtoa mtu, mtoe kwako.” Nilimwona ana kiburi. Kumbe ndiye aliyekuwa na akili, na akili ya aina hiyo mtu huiona baadaye sana, kama namba ya basi lililokuacha.

Basi hilo ni la kwanza, na ni la kazi zaidi kuliko la hekima: asili haiguswi. Ukiamua kumtoa mtu, fanya kwenye nakala. Leo una hasira, kesho unaweza kuwa na mtoto anayeuliza pua yake ameitoa wapi. Hasira ina haki yake, lakini isipewe nakala ya pekee.

La pili ni la swali lenyewe, nimtoe au nisimtoe. Nimekaa na watu wengi kwenye kibanda hiki, wananiletea picha kama wanavyopeleka kesi kwa mtendaji, na nimejifunza kuwauliza kitu kimoja: picha ni ya nini? Kuna mama mmoja alikuja na picha ya familia, yumo mume wa mama yake, mtu aliyemtesa utotoni. Alikuwa hawezi hata kukiweka kidole pale alipo. Huyo sikumhubiria undugu. Mtu akikuumiza kiasi kwamba ukimwona ukutani mwili unasisimka, huna deni la kumtazama, wala la kumweleza mtu sababu. Ila nilimwonyesha njia yangu. Kati ya kioo na picha tunaweka karatasi nene yenye dirisha. Dirisha nikalikata upande mmoja likawa dogo, yule mtu akaingia chini ya karatasi. Hakukatwa, hakufutwa, hakuzibwa kwa maua. Amefunikwa tu. Yule mama akauliza, “Siku nikibadili mawazo?” Nikamwambia, “Unang’oa misumari minne.” Alilia kidogo, akaondoka na picha yake. Sijui kama aliing’oa, na hainihusu.

Sasa wewe. Jiulize kwa ukweli, mwili wako unasisimka ukimwona Fabiani? Mimi sidhani. Nadhani unamkumbuka mtu aliyekufundisha kuvua samaki aina ya ningu kwa uzi bila ndoano, mkarudi mikono mitupu mkacheka. Unataka kumtoa kwa sababu unadhani kumwacha ni kutusaliti sisi. Hiyo ni hasira yetu, Neema. Umeichukua kwenye kabati letu ukadhani ni nguo yako.

Na kama bado unataka kumtoa, angalia vizuri kilichofanywa na simu. Juzi usiku ulipoiacha mezani ikichajiwa niliichungulia, nisamehe. Simu yako haikumwondoa mtu tu, ilibuni. Mkono wa bibi umeyeyuka kwenye kiti kama sabuni. Ukuta umepata dirisha ambalo nyumba ile haijawahi kuwa nalo. Na wewe bado umelala nyuma, umeegemea hewa, unacheka. Jeni alinionya, na mashine nayo imeshindwa pale pale aliposhindwa Jeni. Ukitaka picha isiyo na Fabiani, zipo njia safi. Ipo ile ya bibi akitoka kanisani. Ipo ya Jumapili iliyopita, sisi watatu, nimevaa tai ambayo mama yako aliifunga kama anaua kuku. Chukua picha ambayo hayumo. Hiyo si uongo, ni kuchagua. Lakini kuchukua aliyomo na kuifanya kana kwamba hakuwahi kuwemo, halafu kuituma kwenye kundi la ukoo, hapo unamwambia kila mtu aliyekuwepo kwamba macho yake ni mabovu. Ukituma iliyopunguzwa, sema imepunguzwa.

Uliuliza pia ujibu nini wakikuuliza. Mama yako alikwepa, mimi nilikwenda kununua mkaa. Ngoja nikuambie nilichojibu mimi zamani, ili usikirudie. Mwaka ule ule wa msiba ulikuja hapa kibandani, ukaikuta nakala ya picha ya maua, ukaniuliza, “Baba mdogo yuko wapi hapa?” Nikakwambia, “Siku hiyo alikuwa amesafiri.” Ulinitazama. Ukatazama picha. Ukasema, “Sasa mimi nimeegemea nini?”

Nikakutuma ununue soda. Tangu siku ile sikukuona tena ukiniuliza habari za ukoo, hadi Jumanne. Miaka saba. Mtu anaweza kufikiri amemfuta ndugu yake, kumbe amemfuta na mwanawe kidogo, ile sehemu ya mwanawe iliyokuwa inamwamini.

Kwa hiyo wenzako wa bweni wakikuuliza huyu ni nani, usiseme jirani, usiseme amesafiri, na usimuue. Nimesikia watu wanaua ndugu zao wazima kwa sababu maelezo ya kifo ni mafupi. Sema, “Ni baba yangu mdogo. Yeye na baba hawaelewani.” Inatosha. Mmoja wao akiendelea kuchimba, sema, “Ni mambo yao.” Ni kweli, ni mambo yetu. Huna haja ya kueleza nani alikosa, wala kumtafutia yule msichana wa watu upande wa kukaa. Wengi watasema, “Hata kwetu yuko mmoja,” halafu mtaendelea na maharage yenu.

Na mama yako usimfiche. Usimwoneshe picha ya simu isiyo na Fabiani halafu ukaning’iniza nyingine bwenini. Mwambie wewe mwenyewe: “Mama, nimebeba picha nzima. Sijasahau alivyokutukana.” Maneno hayo mawili yaende pamoja. Akisikia la kwanza peke yake ataona umemwacha. Akisikia yote mawili atanuna, lakini atanuna akiwa amesikilizwa, na huo ni mnuno mfupi. Usimwombe akubali. Omba ajue tu.

Jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Shangazi yako aliniambia mwaka jana, tukiwa tunapalilia kaburi, kwamba bibi ndiye aliyemwapisha Fabiani asiniambie. Hakutaka kuvushwa ziwa akafie wodini kati ya watu asiowajua. Alitaka kufa kwenye kitanda chake, akisikia kuku wake. Fabiani aliapa, akashika kiapo, akala matusi yangu uani bila kumtaja mama. Nimekaa na hilo mwaka mzima. Sitakudanganya kwamba hasira imeisha yote. Bado kuna siku nasema, angeweza kunikonyeza. Mtu mzima haoni njia ya kumkonyeza kaka yake? Lakini nimechoka, mwanangu. Kumchukia ndugu ni kazi ya kutwa na haina Jumapili.

Nikafikiri: katika wote tuliojadili kama Fabiani atoke au abaki, hakuna aliyemuuliza Fabiani. Mimi sikumuuliza, Jeni hakumuuliza, wewe na kidole chako hamkumuuliza. Kwa hiyo leo asubuhi, ulipotoka tu, nilimpigia. Namba nilipewa na Veronika, ambaye alinipa haraka mno, kama mtu aliyekuwa ameiandika akiisubiri siku hiyo.

“Haloo, nani?”

“Kaka yako.”

Nikasikia jogoo wa watu wa Bukoba.

“Kuna msiba?”

“Hapana. Nina swali la picha.”

“Picha!” Akacheka, ila si cheko la furaha. “Si ulimaliza kunitoa? Au nimebakiza kivuli?”

“Kivuli kilibaki,” nikasema. “Jeni aliuliza, nikasema kiache.”

Nikamweleza. Kwamba unakwenda chuo huko, kwamba una picha ya Krismasi nzima uliyoipiga kwa shangazi, kwamba unauliza umwache au umtoe, na mimi nimeona mwenye sura ndiye aulizwe.

“Mwambie aniache,” akasema. “Lakini asiniweke mezani kama padre. Aniweke ndani ya daftari. Siku akinihitaji atanifungua.” Halafu akakohoa. “Kaka, na mimi nikuambie kitu.”

“Sema.”

“Hata mimi nilikutoa.”

“Wapi?”

“Kwenye nakala yangu. Studio ya hapa. Mwaka ule ule.”

Nilikaa chini kwenye mbao. Unajua nilichouliza? Badala ya kuomba msamaha, kama nilivyokuwa nimejiandaa usiku kucha, fundi ndani yangu aliamka kwanza. “Walinitoaje hapo katikati ya Veronika na mama Neema?”

“Vibaya. Walisogeza wanawake. Sasa Veronika ana mikono mitatu.”

Nilicheka hadi machozi yakatoka, na yalipotoka hayakurudi. Yeye alisubiri. Baadaye nikasema lile nililopaswa kusema, la uani na la picha, na la vidole vya mama, kwa maneno machache, kwa sababu salio lilikuwa linaisha na kwa sababu mengi yangeharibu. Hakusema amenisamehe. Alisema, “Nimesikia, kaka.” Sitakupambia zaidi ya hapo.

Kisha akauliza basi lako linaingia saa ngapi.

Sikumtajia saa. Nilimwambia wewe ni mtu mzima sasa, na mimi nimeshachagua watu wa kukaa kwenye picha yako mara moja, nikachagua vibaya. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii, na chini yake nimeandika jina lake kamili, ili usimwite “yule”. Ukitaka akupokee, mpigie ukipita Muleba. Atatoka nyumbani hapo hapo, na atakuwa stendi kabla yako. Usipopiga, hatakuja wala hatauliza kwa nini. Tumekubaliana hivyo, mimi na yeye, na ni jambo la kwanza tumekubaliana tangu mama afe.

Baba yako